Msiba Una Wenyewe: Kapsheni Isiyomwaga Utamu

Saa tano usiku, video imeshakatwa na kuunganishwa, wenzangu wawili wamelala kwenye mkeka tuliotumia kuigizia msiba, na mhariri ananigeukia na swali lake la kila Alhamisi: "Haya, tunaandika nini?"

Hiyo ndiyo kazi yangu katika kikundi chetu kidogo cha vichekesho kule Mbagala. Siigizi, maana nikisimama mbele ya kamera nacheka kabla ya watu. Naandika kapsheni: yale maneno yanayoandamana na video, kuanzia kichwa chake hadi mistari ya maelezo chini. Wengi huyachukulia kama ya kuzugia tu, unaweka emoji tatu za kucheka na kwenda kulala. Nami nilikuwa hivyohivyo mpaka ilipokuja video ya msiba. Hiyo tuliiandikia kapsheni mara tatu, na mbili za kwanza zilituumbua, kila moja kwa namna yake.

Nianze na kisa chenyewe, kwa sababu bila kukijua hutaona maneno yanaharibu wapi. Ndiyo, nitakusimulia hadi mwisho, na ukija kukiona utakuwa umeshaharibiwa. Unisamehe.

Chande ni mpangaji, anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba wake ni Mzee Risiti, aliyeitwa hivyo kwa sababu haachani na kitabu chake cha risiti. Hata ukimpa maji ya kunywa anakuandikia. Video inaanza kwa hodi. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Kodi." Chande anababaika, macho yanazunguka chumbani, kisha anaangua kilio: mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, amefariki usiku wa kuamkia leo. Mzee Risiti anavua kofia. Kwa mara ya kwanza maishani anasahau deni. Anatandika mkeka mwenyewe, anaita majirani, na kwa kuwa ndiye mwenye kitabu, anaanza kuandika rambirambi, kila mchangaji na risiti yake.

Sekunde ya 94 anaingia mama mmoja katoka safari, kapu begani, kuku mkononi. Anawaona watu mkekani. Anatupa kapu, anamwachia kuku, anajibwaga chini na kulia kuliko wote. Majirani wanambembeleza. Akitulia kidogo anafungua pindo la kanga na kutoa elfu tano. Mzee Risiti anamuuliza jina. "Bi Mwanaidi." Mzee anaandika, anasita, anarudisha macho juu ya ukurasa palipoandikwa jina la marehemu. "Mama, mbona majina yenu yanafanana?"

Mama anafuta kamasi. "Ndiyo maana imeniuma."

Video ina dakika mbili na sekunde kumi. Inaishia kwenye miguu ya Chande ikipotelea nyuma ya ukuta.

Kapsheni ya kwanza ilitoka kwa Chande mwenyewe, naye ni fundi wa maneno. Alisema tuandike "Msiba una wenyewe", tuweke na emoji ya kucheka machozi, basi. Nilipiga makofi, na hadi leo nasema ni kapsheni nzuri. Kabla hujaitazama video, ni msemo tu ambao kila mtu ameusikia matangani. Ukishaitazama, msemo uleule unageuka, kwa sababu mwenye msiba ndiye huyo anayelia kwa uchungu kuliko wote. Maneno matatu yamefanya kichekesho kimoja kabla ya video na kingine baada yake.

Shida ikaja wiki ya pili. Jirani yangu, fundi baiskeli, alionyeshwa video hiyo kwenye simu ya abiria mwenzake ndani ya daladala. Akashuka Zakhem, akataka kumwonyesha mkewe. Akaandika kwenye YouTube anachokikumbuka: mama mkwe, msiba, kodi. Zikaja video za mahubiri, za msiba wa kweli, na moja ya maofisa wakielezea kodi ya mapato. Yetu haikutokea. Alinifuata kibandani kunilalamikia kana kwamba nimemficha makusudi. Nikamuuliza kwa nini hakuandika "msiba una wenyewe". Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakukariri namba ya daladala. "Ndugu yangu, hayo niliyaonea wapi? Mimi niliona mama anachangia msiba wake."

Hapo nikaelewa jambo nililokuwa nimelipuuza. Mtu anayetafuta kichekesho hatafuti msemo wa mwandishi. Anatafuta kilichobaki kichwani mwake: nani alikuwepo, palikuwa na nini, na jina la mtu kama alilisikia. Maneno ya Chande yalikuwa matamu, lakini hayakuwa na hata kitu kimoja cha kushika.

Basi tukaandika upya, na safari hii nikaangukia upande wa pili. Nilitaka kila kinachotafutwa kiwemo, nikatunga hivi: "Mama mkwe achangia msiba wake mwenyewe bila kujua, Chande aumbuka mbele ya Mzee Risiti." Majina yamo, mama mkwe yumo, msiba umo. Kila kitu kimo, pamoja na kichekesho chenyewe kilichochinjwa na kuanikwa mlangoni.

Uharibifu wa aina hii unaonekana kwa macho, si lazima kubahatisha. Studio ya YouTube ina mchoro unaoonyesha watu wanabaki kwenye video sekunde kwa sekunde. Kwa kawaida mstari unashuka kidogo kidogo tangu mwanzo, ndivyo watu walivyo. Siku zile za kichwa cha kwanza ulikuwa unashuka taratibu, kisha unalala tambarare kuanzia pale mama anapoingia. Baada ya kichwa cha pili ukachukua sura nyingine: ukaporomoka mapema, ukanyanyuka kama nundu ya ng'ombe karibu na sekunde ya 94, ukaanguka tena. Maana yake watu walikuwa wanaruka kilio cha uongo cha Chande na kitabu cha risiti, wanaenda moja kwa moja kwenye jambo walilokwisha kuahidiwa, wanalithibitisha, wanaondoka. Kwenye kamenti nako kukapoa. Watu wengi waliandika "nimeona", wachache waliandika wamecheka.

Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja, akaongeza chumvi kwenye kidonda. Alitengeneza picha mpya ya jalada, uso wa Bi Mwanaidi kwa rangi ya kijivu, na maandishi mekundu: BI MWANAIDI AFARIKI DUNIA. Kwa akili yake, hapo hajamwaga kichekesho, amesema tu uongo aliousema Chande. Na kwa kweli alikuwa karibu na jibu kuliko mimi. Alichosahau ni kwamba mama anayeigiza nafasi hiyo anaitwa Bi Mwanaidi mtaani, sokoni na hata kanisani kwao, na kwamba picha ya jalada husafiri peke yake: watu huipiga picha kwenye skrini na kuirusha kwenye makundi ya ukoo bila video. Kufikia saa nne asubuhi simu ya mama ilikuwa haipokeleki kwa wingi wa wapigaji. Kaka yake alikuwa ameshafika stendi, tiketi mkononi. Tuliiondoa picha ile tukiwa na aibu, na hofu pia, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha kuchapisha taarifa za uongo, na hakuna aliyetamani kuwaeleza askari kwamba marehemu ni mhusika tu.

Jioni hiyo nilichukua daftari nikaitazama video kama mtu asiyeijua, nikaandika kila jambo na sekunde linapojulikana. Mwanzoni kabisa unajua kuna deni la kodi na kuna mwenye nyumba. Sekunde ya 20 unajua mama mkwe "amekufa". Sekunde ya 22 Chande anachungulia kupitia vidole, unajua anadanganya. Sekunde ya 40 na kuendelea ni majirani na risiti. Sekunde ya 94 unajua mama mkwe ni mzima na amekuja. Sekunde ya 118 ni majina kufanana.

Nikapiga mstari chini ya sekunde ya 40. Chochote kilicho juu ya mstari kinaruhusiwa kuingia kwenye kapsheni, kilicho chini hakiruhusiwi hata kwa fumbo. Nilipoyahesabu maneno ya juu nikashangaa: kodi, mwenye nyumba, mpangaji, mama mkwe, msiba, rambirambi, Chande, Mzee Risiti. Karibu yote aliyoyaandika yule fundi baiskeli yalikuwa huko. Kumbe sikuwa na haja ya kuuza mwisho ili nipate maneno ya kutafutwa. Sehemu ya kichekesho inayomshangaza mtu ni ndogo sana, na maneno yake mara nyingi ni ya kawaida mno kutafutwa. Sehemu inayokumbukwa kwa majina ni ya mwanzo, ile inayotandika mkeka.

Lipo jambo la pili nililolipata kutoka kwenye kosa la mwenzangu wa jalada. Kapsheni ya kichekesho isimulie kama anavyosimulia mtu aliyemo ndani ya kisa na ambaye bado hajajua. Katika video yetu mtu huyo ni Mzee Risiti. Yeye anachojua ni kwamba alikwenda kudai kodi akakuta mpangaji amefiwa. Ukimwachia aandike kapsheni hawezi kumwaga chochote, maana hana cha kumwaga. Ndipo tukapata hii:

"Msiba una wenyewe: Mzee Risiti adai kodi ya nyumba, Chande afiwa na mama mkwe | Vichekesho"

Hesabu herufi zake pamoja na nafasi, ni 90. YouTube inaruhusu 100 kwa kichwa, lakini simu ndogo haionyeshi vyote. Mara nyingi mkia unakatwa. Kwa hiyo nilipanga kwa kuogopa mkasi. Utani wa Chande uko mbele, mzima, bila kuguswa. Jina linalotafutwa zaidi linafuata papo hapo. Mkasi ukipita baada ya "kodi ya nyumba", bado kimebaki kitu cha kuchekesha na kitu cha kutafutia.

Tazama na neno "afiwa". Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika "Chande, Mzee Risiti na mama mkwe". Ilikuwa fupi na nadhifu, na Chande akaikataa kwa kidole. Alisema, ukimweka mama mkwe kwenye orodha pamoja na wazima, umeshasema atatokea. Lile "na" dogo lilikuwa linamfufua mtu dakika moja na nusu kabla ya wakati wake. "Afiwa na mama mkwe" inamwacha marehemu. Neno la kutafutwa ni lilelile, kilichobadilika ni kazi yake kwenye sentensi. Tangu siku hiyo naangalia viunganishi kuliko majina.

Jina la Bi Mwanaidi halimo kwenye kichwa, na sababu ya kwanza unaijua, kaka yake yuko stendi. Lakini wapo wanaomtafuta yeye hasa, na ni wengi kuliko wanaomtafuta Chande, jambo linalomuuma Chande kidogo. Kumwandika kwenye maelezo ya video hii tu kungekuwa ni kutangaza kwamba yumo. Tulichofanya ni kuweka aya moja ya wahusika wetu wote, ileile chini ya kila video ya mfululizo: "Wahusika wetu: Chande (mpangaji), Mzee Risiti (mwenye nyumba), Bi Mwanaidi (mama mkwe), Kibiriti (jirani)." Kwa kuwa haibadiliki, haisemi nani anatokea leo. Anayemtafuta anampata, na anayetazama hajaambiwa kitu.

Majina yenyewe yana vituko vyake. Mchekeshaji huwa na majina mawili, na watazamaji hushika moja. Ukimuuliza mtu wa Tanga au wa Mwanza kuhusu Amri Athumani anaweza akakutolea macho. Mwambie Mzee Majuto, au King Majuto, anaanza kucheka kabla hujamaliza. Lucas Mhuvile ni Joti. Kule Kenya, Benson Wanjau aliyefariki 2015 alikuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi kwa karibu kila aliyekuwa na televisheni, na sidhani kama wengi wanaomtafuta leo wanahangaika kuandika ile alama ya juu baada ya ng. Anayeandika kapsheni ya klipu za wakongwe kama hao afadhali aweke jina la uigizaji kwenye kichwa na jina la kuzaliwa kwenye maelezo, yote mawili, na alama hiyo mara moja iwepo na mara moja isiwepo.

Kwetu sisi wadogo tatizo ni tofauti. "Chande" peke yake ni jina la watu maelfu. Ukiliandika unaletewa harusi, wanasiasa na wachezaji wa mpira. "Mzee Risiti" ni wetu pekee, angalau hadi ninapoandika haya. Kwa hiyo hatumwandiki Chande bila kumpa mwenzake. Na tahajia haibadiliki. Mwanzoni tuliandika Mzee Risiti video moja, Mzee Lisiti nyingine kwa ajili ya mzaha, na Baba Risiti ya tatu. Tulikuwa tunamgawa mtu mmoja mafungu matatu, na kila fungu likawa jepesi.

Kiswahili nacho kina mambo yake unapokiandikia mashine ya kutafuta. Neno letu hubadilika kichwani, na mara nyingine mkiani pia: kichekesho, vichekesho, mchekeshaji, wachekeshaji, amechekesha. Mimi sitegemei mashine ijue kwamba hao wote ni ndugu. Naandika "vichekesho" kwenye kichwa kwa sababu ndivyo watu wa kwetu wanavyotafuta, kwa wingi, na "kichekesho" naliingiza ndani ya sentensi ya maelezo. Vitenzi sivitumaini kabisa. Hakuna anayeandika "amkwepa" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika nomino zilizotulia, kama mama mkwe, kodi, msiba.

Na "kodi" hiyo ilitufundisha adabu. Kwetu kodi ni ya nyumba na ni ya serikali pia, ndiyo maana fundi baiskeli aliletewa maofisa. Haiachwi peke yake. Inafungwa na mwenzake, "kodi ya nyumba", na mahali pengine naandika "pango", maana wapo wanaosema hivyo. Jirani zetu wa Kenya wengi huandika `landlord` hata wanapozungumza Kiswahili. Neno hilo nililitafutia nafasi bila kulibandika kama karatasi ya matangazo. Maelezo ya YouTube yakawa hivi:

"Chande ana miezi mitatu hajalipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wake, Mzee Risiti, anakuja na kitabu kudai pango, anakuta mkeka umetandikwa: Chande amefiwa na mama mkwe. Ndugu zetu wa Kenya, huyu ndiye `landlord` anayetoa risiti hadi ya pole. Kichekesho kipya kila Ijumaa."

Soma kwa sauti. Ni mtu anaongea. Maneno ya kutafutwa yako manane au tisa, lakini yamekaa ndani ya masimulizi, na ile mistari ya risiti ya pole ni mzaha mdogo unaojitegemea, haugusi mwisho. YouTube inatoa nafasi ya herufi 5,000 kwa maelezo, na wapo wanaozijaza kwa kupanga maneno kama magunia: vichekesho, vichekesho vipya, vichekesho vya mama mkwe, vichekesho Bongo. Kufanya hivyo si uchafu wa macho tu. Kanuni za YouTube zinakataza kurundika maneno ya kutafutia kwenye maelezo, na video inaweza kuondolewa kwa hilo. Kile kisanduku cha tegi cha kando, wao wenyewe wanasema kina mchango mdogo, isipokuwa pale ambapo jina huandikwa vibaya mara kwa mara. Basi mimi ndiko ninakotupia makosa: mamamkwe kwa neno moja, mama mukwe wanavyoandika baadhi ya wenzetu wa Kongo, mze risiti, na yule mzee lisiti wetu wa zamani, aliyepata kazi hatimaye.

Hashtegi naweka tatu tu: #vichekesho #mamamkwe #MzeeRisiti. YouTube huonyesha hadi tatu karibu na kichwa, na ukizidisha 60 inazipuuza zote. Lakini hata kabla ya kufika huko, hashtegi inaweza kuwa mbeya. Kijana wetu mmoja aliwahi kupachika #marehemumzima kwenye TikTok, akidhani ni nyongeza tu. Alikuwa amemwaga mchuzi wote kwa neno moja lisilo hata na nafasi.

Instagram ni jambo jingine, kwa sababu huko kichwa hakuna. Kapsheni inaweza kufika herufi 2,200, lakini kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza ni kama herufi 125 hivi. Tulitumia hizo kwa uangalifu:

"Msiba una wenyewe 😂
Mzee Risiti kaja na kitabu chake kudai kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Chande naye kafiwa na mama mkwe."

Inaishia palepale mkasi unapopita. "Kaja" na "kafiwa" badala ya "amekuja" na "amefiwa" ni kwa sababu ndivyo tunavyopiga stori mtaani, na kwa sababu kila herufi inayookolewa ni mali. Emoji ni moja, na iko kwenye mstari wa utani. Hii si urembo. Baada ya mkasa wa jalada tuliamua kwamba popote palipo na neno la kifo, ndani ya macho hayohayo pawe na alama ya kwamba hiki ni kichekesho. Mtu asihitaji kubonyeza ili ajue hakuna aliyekufa.

Kuna mwagaji mmoja ambaye hatukumfikiria hata kidogo: kamenti. Kamenti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa "Ndiyo maana imeniuma 😂😂", nasi kwa furaha tukaibandika juu. Kumbe watu wengi hufungua kamenti video ikiwa bado inacheza. Tuliibandua kesho yake, tukabandika swali: "Wewe mwenye nyumba wako anaitwaje?" Watu wakaanza kuandika majina ya utani ya wenye nyumba wao, na nusu ya hayo siwezi kuyachapisha hapa.

Na sasa nikuambie kitu kinachopingana na karibu yote niliyosema. Baada ya wiki tatu nilifungua Studio kuangalia maneno ambayo watu wanaandika hadi kufika kwenye video ile. Juu kulikuwa na niliyoyatarajia, mama mkwe, mzee risiti, vichekesho vya kodi ya nyumba. Lakini mstari mmoja ulikuwa mpya na ulikuwa unapanda: `ndio maana imeniuma`. Mwisho wa kichekesho ulikuwa umetoka kwenye video ukaingia mtaani. Watu walikuwa wanausema timu yao inapofungwa. Wengine hawakujua ulikotoka, ndio maana wanautafuta. Kwa watu hao hakuna siri ya kulinda tena, na kuwaficha ni kuwafungia mlango. Kichwa sikukigusa, maana wageni wasiojua wanaendelea kuja. Chini kabisa ya maelezo, baada ya aya ya wahusika, nikaongeza mstari: "Waliokuja kwa ajili ya 'ndiyo maana imeniuma', mmefika." Na kwenye tegi nikaweka ile tahajia yao ya "ndio". Fundi baiskeli nilimwita nikamwambia ajaribu tena kutafuta. Akaipata, akamwonyesha mkewe, na mkewe akasema alishaiona zamani.

Mstari wa mwisho kabisa kwenye orodha ile ulikuwa umeandikwa na watu wachache tu: `bi mwanaidi amekufa kweli`. Sikujua niwaandikie nini hao. Nilimpelekea mama simu aone. Akavaa miwani, akasoma polepole, akaniomba nimfungulie sehemu ya kamenti, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: "Nipo. Na elfu tano yangu sijarudishiwa."